Jaribio la seli ya panya na seli ya binadamu: usiishie kwenye rangi

Kwa wale mnaoanza baiolojia ya seli, au mmepangiwa maabara ya seli kwa mara ya kwanza, leo naongelea jaribio moja tu, lile la Frye na Edidin la mwaka 1970. Nimesahihisha majibu yake miaka mingi na mengi yanafanana: "seli mbili ziliunganishwa, rangi zikachanganyika, kwa hiyo protini za utando zinatembea." Hilo ni nusu ya jibu. Rangi kuchanganyika peke yake hakuthibitishi kwamba protini imeteleza kando ndani ya utando, maana kuna njia nyingine kadhaa za kupata picha ile ile, na uzuri wa jaribio lenyewe upo kwenye namna walivyozifunga hizo njia moja baada ya nyingine.

Kwanza tukumbushane kilichofanyika pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Walichukua seli za panya na seli za binadamu, zote ni zile zinazokuzwa maabara muda mrefu, wakaziunganisha kwa kutumia virusi vya Sendai. Hivi virusi vinashika juu ya seli mbili zilizo karibu na kufanya tando zao ziwe utando mmoja, kwa hiyo unapata seli moja kubwa yenye viini viwili, kimoja cha panya kimoja cha binadamu. Afu wakaweka mchanganyiko wa kingamwili za aina mbili, moja inayoshika antijeni za H-2, ambazo ni protini za juu ya seli ya panya, nyingine kutoka kwa sungura inayoshika antijeni za juu ya seli ya binadamu. Baada ya hapo zikaja kingamwili za mbuzi zilizobeba rangi, ambazo zinashika zile kingamwili za kwanza: fluoresini ya kijani kwa upande wa panya, rodamini nyekundu kwa upande wa binadamu. Ukiangalia mapema baada ya muungano unaona seli nusu kijani nusu nyekundu, mpaka unaonekana kabisa. Ndani ya dakika 40 kwenye nyuzi 37, zaidi ya asilimia 90 ya seli mseto zina rangi zote mbili kila mahali.

Sasa soma tena mpangilio wa hatua. Rangi iliwekwa BAADA ya kuunganisha na kusubiri, sio kabla. Michoro mingi inayozunguka inaonyesha seli mbili tayari zina rangi ndo zinaunganishwa, na mwanafunzi akishaizoea hiyo picha hawezi tena kuelewa kwa nini walihangaika na madawa ya kuzuia utengenezaji wa protini. Fikiria kumbi mbili, moja ya Yanga moja ya Simba, ukuta wa katikati unabomolewa, na jezi zinagawiwa nusu saa baadaye kwa kila utakayemkuta humo ndani. Ukikuta kijani na nyekundu kila kona unaweza kusema watu wamehama, lakini pia inawezekana wapo walioingia baadaye kwa milango ya nyuma na kukaa popote, na wewe umewapa jezi kama wenzao.

Hiyo milango ya nyuma kwenye seli ni mitatu. Wa kwanza, seli mseto inatengeneza protini mpya za panya na za binadamu na kuzipachika popote kwenye utando. Wa pili, protini zilikuwa zimeshatengenezwa zamani, zimehifadhiwa ndani ya saitoplazimu, na sasa zinapandishwa juu. Wa tatu, protini zinang'olewa kutoka upande mmoja wa utando, zinasafirishwa ndani na kurudishwa upande mwingine. Zote tatu zingekupa rangi zilizochanganyika bila protini hata moja kuteleza kando.

Walivyofunga: kwa mlango wa kwanza waliweka vizuizi vya utengenezaji wa protini, mfano puromaisini na saikloheksimidi, na mchanganyiko ukaendelea vile vile. Kwa ile akiba ya ndani, walizipa seli puromaisini kwa saa 6 kabla ya kuunganisha, ili akiba kama ipo iishe, na bado rangi zikachanganyika. Kwa usafirishaji wa kupitia ndani, ambao unahitaji nishati, walizuia utengenezaji wa ATP kwa dainitrofenoli na floridi ya sodiamu, na bado. Kilichozuia ni kimoja tu, baridi. Chini ya nyuzi 15 seli zilibaki nusu kwa nusu.

Hapa tulieni kidogo, maana ndo mahali pa kupata maksi au kupoteza. Baridi peke yake haithibitishi kuteleza! Kwenye baridi vimeng'enya navyo vinapoa, usafirishaji unapoa, kila kitu kinapoa. Kinachoipa baridi nguvu ya ushahidi ni kwamba kazi zinazohitaji nishati na protini mpya zilishazimwa kwa madawa na mchanganyiko haukujali, kwa hiyo kinachobaki ambacho baridi inaweza kukikwamisha ni ulaini wa mafuta ya utando wenyewe, tabaka mbili za lipidi zikigandamana protini haina pa kupita. Ukijibu swali la mtihani, andika madawa kwanza, baridi baadaye, na useme wazi kwamba moja bila jingine halitoshi.

Na mkiuliza kwa nini basi hawakuweka rangi kabla ili protini mpya zisionekane kabisa, jibu ni kwamba kingamwili ina mikono miwili. Ukiiweka juu ya seli hai yenye joto, inashika protini mbili kwa pamoja, ya pili inashika za jirani, mwishowe protini zinavutwa kuwa mabaka na baadaye kofia upande mmoja wa seli, na nyingine zinamezwa ndani. Unakuwa hupimi tena protini zikiwa huru, unapima kitu ulichokisababisha mwenyewe. Kila njia ina gharama yake, na wao walichagua ile ambayo gharama yake inalipika kwa madawa.

Gharama nyingine ya kuweka rangi mwishoni ni kwamba huangalii seli moja ikibadilika kama sinema. Kila muda ni kundi jingine la seli, unahesabu ngapi ni nusu kwa nusu na ngapi zimechanganyika. Ndo maana matokeo yanatolewa kwa asilimia ya seli, na ndo maana usiandike kwamba "protini inachukua dakika 40 kuzunguka seli".

Ila hizo dakika 40 zinaweza kukupa makadirio ya kasi, na nawashauri mfanye hesabu hii kwa mkono angalau mara moja. Kwa kitu kinachotangatanga kwenye uso bapa, umbali na muda vinahusiana hivi: L² = 4Dt, ambapo L ni umbali, t ni muda, na D ni kipimo cha jinsi kitu kinavyotawanyika haraka. Tuseme protini inatakiwa itawanyike kama mikromita 10, muda ni sekunde 2400. L² ni 100, 4t ni 9600, kwa hiyo D ni karibu mikromita mraba 0.01 kwa sekunde. Sasa chukua lipidi, ambayo D yake kwenye utando ni kama mikromita mraba 1 kwa sekunde, umbali ule ule itaumaliza kwa sekunde 25 hivi. Tofauti ya mara mia. Hapo unaona mwenyewe kwamba protini haielei tu kwenye mafuta matupu, kuna vitu vinaibana, na pia unaona kwamba umbali ukiongezeka mara mbili muda unaongezeka mara nne, kwa hiyo seli mseto zilizotokana na muungano wa seli nyingi zitachelewa sana kuchanganyika. Usizihesabu pamoja na zile za viini viwili.

Kwa mtakaolirudia kwa mikono yenu, siku hizi wengi hatutumii virusi vya Sendai, tunatumia polyethilini glaikoli, kama asilimia 50, dakika moja hivi kwenye nyuzi 37, afu unaongeza midia taratibu sana kwa dakika kadhaa. Hapo kwenye kuongeza midia ndo watu wengi wanaharibu, wanamimina kwa haraka na seli zinapasuka. Muda wako wa sifuri uuhesabu kuanzia hapo, na kundi la kuweka kwenye baridi liende kwenye baridi mara moja, sio baada ya kumaliza kunawa mirija mingine.

Kwenye hadubini, kitakachokudanganya zaidi ni seli mbili zilizolaliana bila kuungana. Inaonekana nusu kijani nusu nyekundu, safi kabisa, na haitachanganyika hata ukae mpaka jioni. Zungusha fokasi juu na chini, kama kuna mstari wa rangi unaopita katikati ya hizo rangi mbili basi bado kuna tando mbili pale. Kinyume chake ni kijani kuvuja kwenye chaneli ya nyekundu, ambayo itakufanya uone "mchanganyiko" kwenye seli isiyo nao. Dawa yake ni slaidi za kulinganisha: seli za panya tupu zipewe kingamwili zote, zinatakiwa ziwake kijani tu na nyekundu pawe giza, na za binadamu kinyume chake. Zikiwaka zote mbili, ama seramu ya sungura inashika na panya pia na inabidi uichuje kwa kuichanganya na seli za panya kwanza, au vichujio vyako vya mwanga havifai. Hizo slaidi zikikataa, usiendelee kuhesabu.

Na lile kundi la baridi, usiliache hapo. Baada ya dakika 40 kwenye nyuzi 15 au chini, gawanya mara mbili, nusu weka rangi, nusu rudisha kwenye 37 kwa dakika 40 nyingine ndo uweke rangi. Ikichanganyika baada ya kupashwa, unajua seli zilikuwa hai na zilikuwa zimeungana kweli. Isipochanganyika, matokeo yako ya baridi hayana maana, pengine ulikuwa na maiti tu. Vile vile ukitumia saikloheksimidi, hakikisha kwa kipimo kingine kwamba utengenezaji wa protini umeshuka kweli kwenye seli zako, maana dawa iliyoharibika nayo itakupa jibu la "haina athari".

Mwisho kuhusu mipaka. Jaribio hili linaongelea antijeni hizo zilizoshikwa na hizo kingamwili, kwenye seli hizo. Msiandike kwamba protini zote za utando zinateleza. Kwenye seli nyekundu ya damu, sehemu ya protini inayoitwa bendi 3 imefungwa kwa ankirini kwenye wavu wa spektrini ulio chini ya utando, na hiyo haiendi mbali. Kwenye seli za ukuta wa utumbo, viungo vilivyobana kati ya seli na seli vinazuia protini za upande wa juu zisishuke pembeni. Kupima ngapi zinatembea na ngapi zimefungwa kulihitaji mbinu nyingine iliyokuja miaka ya 70, ya kuunguza rangi kwa leza kwenye doa dogo la utando na kupima mwanga unaorudi pale: ukirudi asilimia 60 tu ya ulivyokuwa, basi asilimia 40 ya protini za hapo hazikusogea katika muda uliopima.