Kwa Nini Kinyume cha Fankisheni Hukaguliwa kwa Mipangilio Yote Miwili

Nilipokuwa kidato cha tano nilirudishiwa zoezi la fankisheni likiwa na nusu ya alama, ingawa aljebra yangu haikuwa na kosa hata moja. Swali lilitaka nitafute kinyume cha f(x) = √(x − 2) + 1, ambapo x ≥ 2, kisha nithibitishe jibu. Nilithibitisha kwa mpangilio mmoja, yaani kutanguliza f kisha kinyume chake, nikapata x, nikaridhika. Pembeni mwa jibu mwalimu aliandika maneno manne tu: "Na mpangilio wa pili?" Sasa mimi mwenyewe ninafundisha, na swali hilohilo ndilo ninalolitumia kila mwaka, kwa sababu linaonyesha wazi kwamba mipangilio hiyo miwili haijibu swali moja.

Tuanze na kutafuta kinyume chenyewe. Ninaandika y = √(x − 2) + 1, kisha ninaitenga x. Nikitoa 1 pande zote ninapata y − 1 = √(x − 2). Nikizidisha kila upande kwa wenyewe, kipeuo kinaondoka na kubaki (y − 1)² = x − 2, kwa hiyo x = (y − 1)² + 2. Mwisho ninabadilishana herufi, ili kinachoingia kiitwe x kama ilivyo desturi, na ninaiita fankisheni niliyoipata g:

g(x) = (x − 1)² + 2

Ninawashauri wanafunzi wangu wabadilishane herufi mwishoni na si mwanzoni. Ukibadilisha mapema, katikati ya kazi unasahau ni herufi ipi inayosimama kwa kilichoingia na ipi kwa kilichotoka, na kumbukumbu hiyo ndiyo utakayoihitaji hivi punde.

Sasa ukaguzi. Mpangilio wa kwanza ni kutanguliza f, kisha kulipitisha tokeo lake kwenye g:

g(f(x)) = (√(x − 2) + 1 − 1)² + 2 = (x − 2) + 2 = x

Kila kitu kimekaa sawa, na hapa ndipo nilipofunga daftari langu siku ile. Kwa namba pia inakubali: 6 ikiingia katika f inatoka 3, na 3 ikiingia katika g inatoka 6. Mpangilio huu unatuambia kwamba g inarudisha nyumbani kila namba iliyopitia f. Hausemi lolote kuhusu namba ambayo g inaweza kuipokea lakini f haikuitoa kamwe.

Ndiyo maana ya mpangilio wa pili, yaani kutanguliza g kisha f:

f(g(x)) = √((x − 1)² + 2 − 2) + 1 = √((x − 1)²) + 1

Hapa wanafunzi wengi huandika haraka kwamba kipeuo na kipeo vimefutana, wakapata x − 1 + 1 = x. Hilo si sahihi kwa kila x. Alama ya √ humaanisha kipeuo kisicho hasi, kwa hiyo √((x − 1)²) ni |x − 1|, yaani ukubwa wa x − 1 bila alama yake ya hasi. Tokeo la kweli ni |x − 1| + 1, nalo ni sawa na x pale tu x inapokuwa 1 au zaidi. Chukua x = −1: g(−1) = (−2)² + 2 = 6, na f(6) = 3. Tuliingiza −1, tukarudishiwa 3.

Kosa liko wapi, ikiwa kila hatua ya aljebra ilikuwa halali? Liko pale tulipozidisha kila upande kwa wenyewe. Kabla ya hatua hiyo tulikuwa na y − 1 = √(x − 2), na mlinganyo huo ulibeba taarifa mbili: uhusiano wa x na y, na sharti kwamba y − 1 haiwezi kuwa hasi. Baada ya hatua hiyo uhusiano ulibaki, sharti likapotea, kwa sababu 2 na −2 zote hutoa 4. Ndiyo maana g iliyoachwa huru hupeleka 3 na −1 kwenye 6 ileile, na f haiwezi kurudisha 6 mahali pawili.

Dawa ni kulirudisha sharti. Thamani zinazotoka katika f huanzia 1 na kupanda, kwa kuwa √(x − 2) haishuki chini ya sifuri. Seti hiyo ya thamani zinazotoka, yaani renji ya f, ndiyo inayokuwa domeni ya kinyume, yaani seti ya thamani zinazoruhusiwa kuingia humo. Jibu kamili basi ni f⁻¹(x) = (x − 1)² + 2, ambapo x ≥ 1. Kwa sharti hilo |x − 1| ni x − 1 yenyewe, na mpangilio wa pili unatoa x bila ubishi. Ukichora grafu utaona jambo hilohilo: f ni nusu ya parabola iliyolala, inayoanzia (2, 1), na taswira yake katika mstari y = x inaanzia (1, 2) na kupanda upande wa kulia tu. Parabola nzima ingekuwa na mkono wa kushoto usio na mwenzake.

Usidhani kwamba mpangilio wenye hila ni ule wa pili siku zote. Kwa f(x) = x² bila sharti lolote na g(x) = √x, f(g(x)) inatoa x kwa kila x isiyo hasi, ilhali g(f(x)) inatoa |x|. Safari hii aliyefichua tatizo ni mpangilio wa kwanza, na tatizo liko katika f yenyewe, ambayo haina kinyume mpaka uikate nusu.

Kwa fankisheni za mstari kama f(x) = 3x − 5 mpangilio mmoja unatosha kihisabati, kwa kuwa kila namba halisi hutoka mara moja tu. Hata hivyo ninaandika yote miwili, kwani wa pili hunasa makosa ya alama. Hunasa vizuri zaidi kwenye sehemu. Mwanafunzi mmoja aliniletea g(x) = (3x − 1)/(x − 2) kuwa kinyume cha f(x) = (2x + 1)/(x − 3). Tulipoiingiza g ndani ya f na kuzidisha kiasi na asili kwa x − 2, tulipata (7x − 4)/5. Asili haikuwa na x, dalili kwamba umbo la jibu lilikuwa sahihi na kilichoharibika ni namba isiyoambatana na x. Alirudi kwenye kazi yake, akakuta kwamba 1 ilivuka alama ya sawasawa bila kubadili ishara inavyopaswa. Alipoandika (3x + 1)/(x − 2), mipangilio yote miwili ilitoa 7x/7, na masharti yakabaki mawili: x ≠ 3 kwa f, x ≠ 2 kwa kinyume chake.