Usihesabu miaka kuanzia tarehe ya kwanza

"Wakuu, nimenunua vipande vya mfuko kwa tarehe tatu tofauti. Natengeneza jedwali la gharama, thamani ya sasa, asilimia ya faida na faida kwa mwaka. Hiyo ya mwisho nahesabu miaka tangu nilipoanza, sawa?"

Si sawa, mkuu, futa hiyo safu leo. Mimi iliniondoa kwenye mfuko mzuri.

Januari 1, 2022 niliweka milioni 1. Januari 1, 2024 nikaongeza milioni 4. Januari 1, 2025 thamani ilikuwa milioni 5.9, maana yake faida ya laki 9 juu ya gharama ya milioni 5, yaani asilimia 18. Hadi hapo hesabu ni safi. Kisha jedwali likagawa ile 18 kwa miaka mitatu, kwa riba juu ya riba, likaniambia napata asilimia 5.7 kwa mwaka. Benki ilikuwa inanipa 8. Nikauza vipande vyote, nikafunga pesa miaka miwili.

Ile milioni 4 ilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, lakini jedwali liliihesabia mitatu. Faida halisi ilikuwa asilimia 12.2 kwa mwaka! Kwa milioni 5.9, tofauti ya 12 na 8 ni kama 236,000 kila mwaka, na nisingeweza kuvunja mkataba bila kupoteza riba.

Jedwali lenyewe nililinunua kwa jamaa wa kundi la wasapu aliyejiita mshauri wa uwekezaji. Nilipomuuliza kuhusu pesa ya kuongeza, akanijibu "wastani unatosha". Hautoshi, na anayeuza hesabu kwa watu alipaswa kujua hilo. Bado nina hasira naye.

Kila shilingi ibebe tarehe yake. Kwenye Excel au Google Sheets weka tarehe safu A na kiasi safu B. Pesa uliyoweka kwenye mfuko iwe hasi, uliyopokea kutoka humo (hata gawio) iwe chanya, na mstari wa mwisho uwe tarehe ya leo na kiasi ambacho mfuko ungekulipa ukiuza vyote leo.

```
2022-01-01   -1000000
2024-01-01   -4000000
2025-01-01    5900000

=XIRR(B1:B3, A1:A3)
```

Ukiona `#NUM!`, mara nyingi umesahau alama ya kutoa. Ukiona `#VALUE!`, kagua tarehe, huenda zimeingia kama maandishi.

Vipande visivyofikisha mwaka viachie asilimia ya kawaida. Faida ya 3 kwa mwezi mmoja ukiigeuza ya mwaka inasomeka karibu 43, na hiyo hujaipata bado.

Tuwekee hapa tarehe zako tatu na viasi vyake, nitaipiga hesabu kabla hujauza chochote.