Kosa la asilimia: gawa kwa ipi?

"Nimetafuta g kwa pendulamu nikapata 9.59, halisi ni 9.8. Nikapata kosa la 2.19%, mwalimu kasahihisha 2.14%. Nimekosea wapi? Na hilo kosa lenyewe limetoka wapi?"

Mdogo wangu, umegawa kwa 9.59 uliyoipima. Chini inakaa thamani halisi, kwa sababu ndiyo kipimo cha kulinganishia: 0.21 ÷ 9.8 × 100 = 2.14%.

Swali lako la pili ndilo tamu. Kwenye daftari lako la rafu usifute alama ya kutoa: 9.59 − 9.8 ni hasi, maana yake g yako imepungua. Sasa niambie, urefu uliupima mpaka wapi? Wengi huishia pale uzi unapofungwa kwenye golori, kumbe unatakiwa ufike katikati ya golori. Tuseme uzi ni sm 50 na mizunguko 20 imechukua sekunde 28.7, yaani T ni 1.435. Kwa mita 0.50, g inatoka 9.59, kama yako. Golori likiwa na nusu kipenyo cha sm 1, weka 0.51 uone: 9.78, kosa linashuka hadi 0.2%.

Ungepata kama 10.9, ningeshuku kuhesabu. Ukianza na "moja" badala ya "sifuri" unapobonyeza stopuochi, umepima mizunguko 19 ukadhani ni 20, na g inapanda kwa karibu 11%.