Ada za klabu: malimbikizo, zilizolipwa mapema na uanachama wa maisha

"Nimekabidhiwa uhazini wa klabu. Ada ni 50,000 kwa mwaka, tuko 110. Mwaka 2024 wanachama walituletea 8,150,000, ila mkaguzi anasema mapato ya ada ni 5,900,000 tu. Humo kuna 8 waliolipa za 2023, 6 waliolipa za 2025, na 5 wa uanachama wa maisha, 500,000 kila mmoja. Mizania ya 2023 ina malimbikizo 500,000, ada zilizolipwa mapema 200,000, na mfuko wa wanachama wa maisha 1,200,000 (watatu waliolipa 2022). Nyingine zimeenda wapi?"

Mkuu, hela zipo zote benki. Mkaguzi anahesabu ada za mwaka 2024, wewe unahesabu fedha zilizoingia mwaka 2024, na hivyo ni vitu viwili. Nimekuwa mweka hazina wa klabu ya michezo kwa muda mrefu, na swali hili huulizwa kila uongozi unapobadilika.

Weka kando kwanza 2,500,000 za wale watano wa maisha. Zinabaki 5,650,000. Ndani yake 400,000 ni deni la 2023, ambalo lilishahesabiwa mapato mwaka ule, na 300,000 ni za 2025, ambazo bado hamjazifanyia kazi. Kwa hiyo zilizoingia kwa ajili ya 2024 ni 4,950,000, yaani watu 99. Wanne walishalipa tangu 2023, ndizo zile 200,000. 99 na 4 ni 103, na daftari la wanachama lina 110, basi saba hawajalipa: 350,000.

Akaunti ya ada kwenye leja inakaa hivi:

Debiti: malimbikizo ya mwanzo 500,000, mapato ya mwaka 5,500,000, zilizolipwa mapema za 2025 300,000. Jumla 6,300,000.

Krediti: zilizolipwa mapema za mwanzo 200,000, fedha zilizopokelewa 5,650,000, madeni yaliyofutwa 100,000, malimbikizo ya mwisho 350,000. Jumla 6,300,000.

Hapo kwenye 100,000 ndipo pa kutulia. Malimbikizo ya 500,000 ni watu 10, nawe umesema waliolipa ni 8. Wawili wako wapi? Wengi hulisahau swali hili, wakatafuta mapato kwa kusawazisha pande mbili, wakapata 5,400,000. Utalijua kosa hilo kwa kugawa kwa 50,000: linatoka 108 wakati daftari lina 110. Mimi hufanya mgawanyo huo kabla sijampelekea mkaguzi chochote. Kama wale wawili bado mnawadai kwa dhati, waache, na malimbikizo ya mwisho yawe 450,000. Kama walishahama na simu hawapokei, kamati ikae, iamue kufuta, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na 100,000 iende upande wa matumizi. Usifute kwa uamuzi wako peke yako. Njia zote mbili zinaacha mapato yakiwa 5,500,000.

Kwenye mizania, malimbikizo ni mali ya muda mfupi. Zile 300,000 za 2025 ni deni la klabu, ingawa fedha mnazo mkononi, kwa sababu mnadaiwa huduma ya mwaka mzima. Tarehe 1 Januari 2025 zinakuwa salio la mwanzo upande wa krediti.

Sasa 400,000 zinazofikisha 5,900,000. Hizo zinatoka kwenye mfuko wa wanachama wa maisha. Mtu wa maisha ataendelea kutumia uwanja miaka mingi, kwa hiyo si haki mwaka mmoja ule ada yake yote na kuonyesha ziada kubwa ya uongo. Inaonekana klabu yenu inasambaza kwa miaka 10: watatu wa 2022 walilipa 1,500,000, ni 150,000 kila mwaka, na baada ya miaka miwili imebaki 1,200,000 kama ulivyoandika. Watano wapya ni 250,000 kwa mwaka. Mfuko unaanza na 1,200,000, unaongezwa 2,500,000, unatolewa 400,000, unafunga na 3,300,000.

Usichukue salio lote la 3,700,000 ukagawa kwa 10. Utapata 370,000, na ukirudia hivyo kila mwaka mfuko hautaisha milele. Tengeneza jedwali lenye mstari kwa kila kundi la mwaka: waliolipa 2022 wanaisha 2031, wa 2024 wanaisha 2033. Angalia pia katiba yenu inasemaje mwanachama wa maisha akifariki kabla ya miaka 10. Kwetu kiasi kilichobaki huhamishiwa mapato ya mwaka huo, kwa kuwa huduma tuliyodaiwa imekoma. Klabu nyingine hukipeleka moja kwa moja kwenye mtaji uliolimbikizwa. Chagueni moja na msibadilishe kila mwaka.