Usimpe fundi simu kabla hujaangalia Private DNS

"Simu inaandika Connected kwenye wifi lakini hakuna ukurasa unaofunguka, laptop na simu ya wife ziko poa. Fundi anasema aiflashi."

Mkuu weka hiyo simu mfukoni urudi nyumbani, mimi nilishaliwa hivyohivyo. Fundi wangu aliishika sekunde kumi akasema "IC ya wifi imekufa hii", akafungua, akapuliza puliza na ile hita yake, mwisho akaiflashi. Picha zote za mwanangu tangu azaliwe zikaenda, na chati za WhatsApp sikuwa nimebakapu (najua, najua, wife kashanisema vya kutosha). Kinachouma ni kwamba ILIPONA, nikalipa elfu 60 na asante juu.

Wiki mbili baadaye nikarudishia ka-ujanja nilikotoa kwenye video moja ya kuzuia matangazo, kwamba uingie Private DNS uandike:

```
dns.adguard.com
```

Wifi ikafa palepale. Ndo nikaelewa jamaa hakutengeneza kitu, kuflashi kulifuta tu ile setingi. Ukiandika jina pale, simu inalazimika kuulizia anwani za tovuti zote kwa seva ya jina hilo tu kupitia poti 853, na wifi ikiwa imefunga hiyo poti simu haitafuti njia nyingine, inakaa tu imenuna. Kwenye bando ilikuwa inapiga kazi kwa sababu kule poti haijafungwa, na laptop haina hiyo setingi ndo maana inapeta. Yule wa kwenye video hilo hakulisema hata kwa bahati mbaya, alikuwa bize kuomba watu wasabskraibu.

Kwahiyo ingia Settings, tafuta "Private DNS" (ipo kuanzia Android 9), ukikuta kuna jina limeandikwa weka Automatic au Off, zima wifi washa tena. Ukitaka kumuumbua fundi, bonyeza jina la wifi (hii ya ruta, sio dada wa mume), soma palipoandikwa Gateway, ya kwangu ni 192.168.1.1, iandike kwenye brauza. Ukurasa wa ruta ukifunguka ujue IC ni nzima, maana simu na ruta zinaongea vizuri tu.

Ukikuta hakuna jina lolote pale, angalia kama kuna VPN uliisahau imewaka, izime. Na kama hiyo wifi ni ya hosteli au gesti zile za kuingiza vocha, labda ukurasa wa kulogin haujajitokeza, andika http://neverssl.com, hiyo haina https kwahiyo ruta inaweza kukurusha kwenye login.

Private DNS kwanza mkuu, fundi baadaye. Ukiona kuna jina pale piga skrinshoti uweke hapa nicheke na mimi.