Maswali na majibu: vyumba 60 vinataka wahudumu wangapi?

Hoteli yetu ya Kariakoo ina vyumba 60. Bosi anasema kila mhudumu afanye vyumba 15, kwa hiyo wanne wanatosha siku zote. Ni sawa?

Si siku zote. Chumba cha mgeni anayeondoka na chumba cha mgeni anayebaki ni kazi mbili tofauti, na kuvihesabu kama kitu kimoja ndiko kunakovuruga ratiba. Kwa anayeondoka unavua shuka zote, unatandika upya, unasugua bafu lote, unafuta droo na kukagua kabati. Kwa anayebaki unanyoosha kitanda, unabadili taulo, unatoa takataka na kupitia bafu kwa haraka. Tuseme cha kwanza kinachukua dakika 40 na cha pili 22. Vyumba vitupu navyo havikosi kazi: kufungua, kumwaga maji ya choo na bomba, kufuta vumbi, dakika 4.

Sasa muda wa mtu mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Kwa siku sita hiyo ni saa 7 na nusu, yaani dakika 450, na saa moja ya mapumziko ya mchana haimo humo. Lakini hizo 450 si za kusafisha zote. Toa 15 za kikao cha asubuhi na kugawana funguo, 15 za kupakia toroli, 15 za chai, 25 za safari za stoo na kusubiri lifti, na 20 za kushusha shuka chafu, kuosha vitambaa na kurudisha funguo jioni. Zinabaki 360. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanagawanya kwa 480 kisha wanashangaa mbona saa kumi vyumba sita havijaguswa.

Chukua siku ambayo usiku wake mmeuza vyumba 48, na wageni 18 wanaondoka huku 30 wakibaki. Wanaoondoka, 18 mara 40, ni dakika 720. Wanaobaki, 30 mara 22, ni 660. Vitupu 12 ni 48. Jumla 1,428, gawanya kwa 360 unapata 3.97. Wanne wanatosha, ila wakiwa wamebakiwa na dakika 12 tu kwa pamoja. Maji yakikatika nusu saa, hesabu imekwisha.

Kesho yake mmeuza vilevile 48, lakini kundi la semina linamaliza na wageni 34 wanaondoka, 14 wanabaki. Sasa ni 1,360 na 308 na 48, jumla 1,716. Ukigawanya unapata 4.77, yaani watano. Idadi ya vyumba ni ileile na mtu mmoja ameongezeka. Na yule atakayepewa vyumba 15 vya wanaoondoka peke yake ana dakika 600 za kazi, saa kumi kamili kabla hajanywa hata chai. Mwonyeshe bosi namba hizi mbili kwenye karatasi moja, na kila jioni omba mapokezi wakupe idadi ya wanaoondoka kesho. Bila orodha hiyo unapanga gizani.

Hizo dakika 40 na 22 nizichukue tu, au nipime zangu?

Pima zako. Chumba chenye vitanda viwili na kingine chenye kitanda kimoja havilingani, na bafu la vigae vidogo vidogo lina mistari mingi ya kusugua kuliko la vigae vikubwa.

Shika saa tangu mhudumu anapogonga mlango hadi anapoufunga chumba kikiwa tayari kukaguliwa. Pima angalau vyumba kumi vya kila aina, kwa wahudumu tofauti, asubuhi na mchana, kisha chukua wastani. Usimpime aliye mwepesi kuliko wote ukafanya kasi yake kuwa sheria ya kila mtu, wala usimpime mtu wa wiki ya kwanza. Chumba chenye balaa lake, mathalani mgeni ametapika kwenye zulia, kiandike pembeni. Cha namna hiyo kinabebwa na akiba, si na wastani.

Unapopima, tazama mpangilio wa kazi. Anayejua anaanza kwa kutoa takataka na shuka, kisha anamwaga dawa chooni na kuipaka kwenye sinki, halafu anarudi kutandika kitanda. Dawa inafanya kazi wakati yeye anafanya yake. Asiyejua anatandika kwanza, anamwaga dawa mwisho na kuifuta papo hapo. Anaonekana amewahi dakika tano, lakini dawa haikupewa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi ya Dar, baada ya wiki chache utaona utando mweupe kwenye bomba na kioo cha bafu, na chumba kile kitakudai dakika 15 za ziada siku moja. Kwa hiyo kipimo cha chumba kilichosafishwa vibaya usikiingize kwenye wastani. Kagua kwanza, ndipo uandike.

Hesabu inaonyesha wanne wanatosha, lakini kila siku saa nane wageni wapya wanasubiri mapokezi na vyumba havijawa tayari. Nini kinakosekana?

Hesabu ya kwanza inauliza kama kazi yote itaisha siku hiyo. Hii yako inauliza kama vyumba vya wanaoondoka vitaisha kwa wakati, na hilo ni swali jingine. Wageni wanatakiwa kutoka saa nne asubuhi, wapya wanaingia saa nane mchana. Katikati ni dakika 240, na saa ya chakula ikiangukia humo zinabaki 180 kwa mtu. Wanne wana 720. Vyumba 18 kwa dakika 40 navyo ni 720. Kwenye karatasi vinatoshana, kwenye korido haviwezi kutoshana, kwa sababu kuna chai, kuna stoo, na kuna mgeni anayetoka saa nne na nusu.

Dawa yake si kuongeza mtu kwanza, ni kubadili mfuatano. Wageni wengi wa Kariakoo wanatoka alfajiri kuwahi mabasi kituo cha Magufuli, Mbezi. Tuseme kati ya 18, wanane wamekwishatoka kabla ya saa mbili. Mapokezi wakikupa namba za vyumba hivyo kwenye kikao cha asubuhi, kila mhudumu anaanza na viwili. Zamu inaanza saa mbili, kikao na toroli vinachukua nusu saa, na vyumba viwili kwa dakika 80 vinafika saa tatu na dakika hamsini. Wanakunywa chai, wanarudi saa nne na dakika tano. Vimebaki kumi: wawili wanachukua vitatu vitatu, wawili wengine viwili viwili. Wenye vitatu wanamaliza saa sita na dakika tano, ukiongeza safari za stoo kama saa sita na nusu. Hapo wote wanakwenda kula, na vyumba 18 viko tayari saa moja na nusu kabla ya saa nane. Vya wanaobaki, wenye viwili wanavianza kabla ya chakula, na vingi vinafanywa mchana.

Kilichokuwa kinatokea kwako, nadhani, ni kwamba wahudumu wanaanza na chumba kilicho karibu na stoo na kwenda kwa mstari, kiwe cha anayebaki au anayeondoka. Ni rahisi kwa miguu, ila kinakula saa nzuri za asubuhi.

Gawa pia kwa dakika badala ya vyumba. Katika mfano huu wenye vyumba vitano vya kuondoka wapewe saba vya wanaobaki na kitupu kimoja: 200, 154 na 4, jumla 358. Wenye vinne wapewe vinane na vitupu vitano: 160, 176 na 20, jumla 356. Mmoja ana vyumba 13 na mwingine 17, na hakuna aliyeonewa. Waeleze hivyo mapema, la sivyo mwenye 17 atanuna.

Ile siku ya wageni 34 mfuatano peke yake hautaokoa. Mahali pa kupunguza presha ni mapokezi: waulize ni wageni wangapi wanaingia mapema hasa. Kama ni 20, vyumba 20 ndivyo vyenye mwisho wa saa nane, na 14 vinaweza kusubiri hadi jioni.

Wahudumu wangu wanataka kufanya wawili wawili. Inaokoa muda?

Mara chache. Chumba cha dakika 40 wawili hawakimalizi kwa 20, kwa sababu bafuni anaenea mmoja na mwingine akishatandika anabaki kusubiri. Pima: wakitumia 24, chumba kimekula dakika 48 za watu. Waweke pamoja pale ambapo godoro ni zito, au chumba kimoja kinapotakiwa haraka na mgeni yuko mlangoni. Kwingine kila mtu na toroli lake.

Nikihitaji wanne kila siku, niajiri wanne?

Ukiajiri wanne utapata wanne siku ambayo hakuna aliyepumzika, na hoteli haifungi Jumapili. Katika siku 365, mtu anatoa 52 za mapumziko ya wiki. Likizo ni siku 28 mfululizo, lakini ndani yake zipo nne za mapumziko ulizokwisha kuzitoa, basi toa 24. Weka 6 za kuugua na msiba. Zinabaki 283. Nafasi nne kwa siku 365 ni zamu 1,460, na 1,460 kwa 283 ni 5.16. Ajiri watano, na uwe na mmoja wa kibarua anayezijua kazi zenu kwa siku za likizo na siku za wageni wengi. Mtu wa ziada aliyeokotwa asubuhi hiyohiyo usimhesabie dakika 360. Siku ya kwanza mpe nusu.

Kuna fomula ya Excel ninayoweza kuweka kila jioni?

Weka wanaoondoka kwenye B2, wanaobaki B3, vitupu B4, kisha:

```
=ROUNDUP((B2*40+B3*22+B4*4)*1.05/360,0)
```

Ile 1.05 ni akiba ya asilimia 5 kwa maji, lifti na balaa. Ukiiweka, siku yetu ya 3.97 inaruka kuwa watano, na bosi atalalamika. Badala ya kuifuta, mwite kibarua wa nusu siku, wa asubuhi.

Mgeni ametundika "usisumbue". Chumba hicho nikitoe kwenye hesabu?

Si asubuhi. Mruke, urudi baada ya chakula, na uandike saa uliyopita ili mapokezi wawe na jibu akilalamika. Akikataa usafi kabisa ndipo dakika 22 zinarudi kwako. Zipangie kazi ambayo haimo kwenye dakika za kila siku, kama kung'oa chumvi kwenye bomba la mvua la chumba kimoja kitupu au kusogeza kitanda na kufagia chini yake.