Kujiuzulu katikati ya uchunguzi wa nidhamu

“Nimewasilisha barua ya kujiuzulu nikiwa nachunguzwa. Bado wanaweza kuniita kwenye kikao cha nidhamu?”

Ndiyo, ndugu, mradi notisi haijaisha. Kwa sheria ya kazi Tanzania, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28. Ukiwasilisha barua Juni 3, unabaki mwajiriwa hadi Julai 1. Wakikuita Juni 20, nenda. Lazima wakupe tuhuma kwa maandishi na angalau saa 48 za kujiandaa. Usipohudhuria bila sababu ya msingi, kikao kitaendelea bila wewe.

Kosa la waajiri wengi ni kukaa kikao Julai 5 na “kumfukuza” aliyekwisha kuondoka. Hapo hakuna ajira ya kusitishwa. Fedha wanazodai wazifuatilie kisheria.